Barua ya Madai Kutoka Kampuni ya Bima Usiyoijua

Ajali ilishapita. Polisi wa usalama barabarani walipima, dereva akalipa faini, magari yakaondolewa barabarani, na mwenye gari lililogongwa hakusikika tena. Kisha, baada ya miezi minane au mwaka na zaidi, inakuja bahasha yenye nembo ya kampuni ya bima ambayo mwenye gari lililogonga hajawahi kukata bima kwake. Ndani yake mna barua, mara nyingi ya Kiingereza, inayomtaka alipe mamilioni ya shilingi ndani ya siku 14 au 30, la sivyo atafikishwa mahakamani.

Wengi wanaoipokea hufanya moja kati ya mambo mawili. Wapo wanaoitupa kabatini wakiamini ni utapeli, kwa kuwa hawana mkataba wowote na kampuni hiyo. Wapo pia wanaoshikwa na hofu, wakapiga simu siku hiyohiyo, wakaomba radhi na kuahidi kulipa kidogokidogo. Njia zote mbili zina hasara. Barua hiyo ina msingi wa kisheria, lakini si hukumu. Ni dai, na dai huchunguzwa kabla ya kujibiwa.

Haki hii inatoka wapi

Tuchukue mfano wa kutungwa, lakini wa aina inayotokea kila wiki Dar es Salaam. Mama mmoja anaendesha gari dogo lenye bima kubwa. Amesimama kwenye taa za Mwenge. Pikapu iliyobeba mizigo inashindwa kusimama na kumgonga nyuma. Pikapu ni ya mzee mmoja mfanyabiashara, na siku hiyo ilikuwa ikiendeshwa na kijana aliyemwajiri.

Mama yule ana njia mbili za kufidiwa. Ya kwanza ni kumdai mwenye pikapu moja kwa moja. Ya pili ni kwenda kwenye kampuni yake ya bima, ambayo mkataba unaibana imtengenezee gari bila kujali nani alikosea. Kwa kuwa anahitaji gari lake, anachagua njia ya pili. Gari linatengenezwa, naye anatia saini hati ya kukubali malipo.

Malipo hayo hayamfutii kosa dereva wa pikapu. Kama yangemfutia, aliyesababisha hasara angeokolewa na bima ambayo hakuilipia hata shilingi. Kwa upande mwingine, mama naye hawezi kulipwa na bima kisha akaenda kulipwa tena na mzee kwa hasara ileile. Kwa hiyo sheria inairuhusu kampuni iliyokwisha kulipa isimame mahali pa mteja wake na kumdai aliyekosea. Watu wa bima huita haki hiyo subrogesheni, na barua aliyoipata mzee ni hatua yake ya kwanza.

Kanuni yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1883 mahakama ya rufaa ya Uingereza iliamua kesi ya Castellain dhidi ya Preston, iliyohusu nyumba iliyoungua wakati imeshauzwa lakini mnunuzi hajamaliza kulipa. Muuzaji alilipwa pauni 330 na bima, kisha mnunuzi naye akamlipa bei yote ya nyumba. Mahakama ilimwamuru arudishe zile pauni 330, kwa sababu bima ya mali ni ya kufidia hasara, si ya kumpa mtu faida. Sheria ya Tanzania Bara inapokea kanuni za mahakama za Uingereza zilizokuwa zikitumika hadi tarehe 22 Julai 1920, ndiyo maana uamuzi huo wa karne ya 19 bado unamgusa mwenye pikapu wa Mwenge.

Kwa sababu hiyohiyo, barua ya namna hii haitoki kwenye bima ya maisha. Uhai haupimwi kwa ankara ya gereji, na malipo yake si fidia ya hasara iliyohesabiwa. Hii ni haki inayokwenda na bima za kufidia hasara, kama za magari, nyumba na mizigo.

Kampuni haipati zaidi ya alichokuwa nacho mteja wake

Hili ndilo jambo la kushika kuliko yote. Kampuni inaposimama mahali pa mama yule, inachukua haki zake pamoja na udhaifu wa haki hizo. Utetezi wowote ambao mzee angeweza kuutoa dhidi ya mama, anaweza kuutoa dhidi ya kampuni. Kama mama naye alichangia ajali, tuseme taa zake za breki zilikuwa hazifanyi kazi, dai la kampuni linapungua kwa kiwango hichohicho. Ndiyo maana pia kesi ikifunguliwa huandikwa kwa jina la mteja, si la kampuni. Mzee asishangae kuona hati ya mashtaka ina jina la mama aliyemgonga, wakati barua zote zilitoka kwenye bima.

Kiasi nacho kina ukomo. Mwaka 1961 mahakama ya London iliamua kesi ya meli ya Blairnevis, iliyozama mwaka 1945 baada ya kugongana na meli ya jeshi la majini la Kanada. Bima ililipa pauni 72,000. Wenye meli walipokuja kulipwa na serikali ya Kanada, thamani ya pauni ilikuwa imeshushwa, na fedha zile za Kanada zikabadilishwa kuwa karibu pauni 127,000. Kampuni ya bima ilizitaka zote. Mahakama ikasema itarudishiwa 72,000 ilizolipa, na kinachobaki ni cha mwenye meli. Haki hii ni ya kurudisha kilichotoka, basi.

Kuisoma barua mstari kwa mstari

Barua iliyoandikwa vizuri hutaja namba ya dai, jina la mteja, tarehe na mahali pa ajali, namba za usajili za magari yote mawili, sababu ya kusema wewe ndiye mwenye kosa, kiasi kinachodaiwa, na muda wa kulipa. Huambatanishwa ripoti ya polisi ya ajali na mchoro wake, ripoti ya mkaguzi wa hasara pamoja na picha, ankara ya gereji, na uthibitisho kwamba kampuni imekwisha kulipa. Kama dereva alifikishwa mahakamani, huwekwa pia nakala ya hukumu ya trafiki.

Uthibitisho wa malipo una uzito wake. Kabla ya kumlipa mteja wake, kampuni bado haijachukua nafasi yake. Barua yenye makadirio ya gereji tu, bila hati ya mteja ya kukubali malipo wala ushahidi wa fedha kutoka, haijakamilika, nawe una haki ya kuomba nakala hizo kabla ya kujadili chochote.

Mwenye kuhofia utapeli aanze kwa kuhakikisha. Asipige namba iliyo kwenye barua. Atafute kampuni hiyo kwenye orodha ya kampuni zilizosajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, yaani TIRA, apige namba rasmi na kutaja namba ya dai. Mfumo wa TIRAMIS nao humwezesha mtu kuhakiki bima ya gari kwa namba ya usajili. Na malipo, yakifika wakati wake, yaende kwenye akaunti ya kampuni, si kwenye simu ya afisa.

Hesabu ya Mwenge

Sasa tuifungue barua ya mzee. Inadai shilingi 4,500,000. Ankara ya gereji ni 4,200,000. Katika hizo, kampuni ililipa 3,700,000, na mama alilipa mwenyewe 500,000, kwa kuwa mkataba wake unasema sehemu hiyo ya kwanza ya kila hasara ni yake. Zilizobaki 300,000 ni ada ya mkaguzi wa hasara.

Mzee anapopitia ankara anakuta bampa ya nyuma, mfuniko wa buti, taa mbili za nyuma, kazi ya kunyoosha bodi na rangi. Halafu anakuta taa ya mbele, shilingi 400,000. Pikapu iligonga nyuma, na mchoro wa polisi unaonyesha kwamba mbele ya gari la mama hapakuwa na gari jingine. Taa hiyo haina uhusiano na ajali. Huenda gereji iliipachika, huenda mama aliiomba, huenda mkaguzi alipitiwa. Vyovyote iwavyo, mama asingeweza kumdai mzee taa ambayo hakuivunja, kwa hiyo kampuni nayo haiwezi. Kama imeshailipia, hilo ni kati yake na mteja wake.

Ada ya mkaguzi hubishaniwa. Kampuni husema ni gharama iliyoletwa na ajali. Upande wa pili hujibu kwamba kukagua ni kazi ya kila siku ya biashara ya bima, na kwamba mama hakutoa shilingi hiyo mfukoni mwake. Ni jambo linalofaa kupatanwa, na mara nyingi huachwa ili mengine yamalizike. Shilingi 500,000 za mama, kinyume chake, ni hasara yake halali. Kampuni hujumuisha kiasi hicho katika dai moja, na kikipatikana ni juu yake kumrudishia.

Dai likishuka hadi shilingi 3,800,000 likalipwa, mama anapata 500,000 zake na kampuni inapata 3,300,000. Kampuni itabeba yenyewe taa ya mbele na ada ya mkaguzi. Barua ilianza na 4,500,000, na shilingi 700,000 zimeondoka kwa kusoma ankara tu.

Pale gari linapoharibika kabisa, cha kutazama ni mabaki. Tuseme kampuni ilimlipa mteja 12,000,000, ikachukua mabaki na kuyauza kwa 3,500,000. Hasara ya kweli ni 8,500,000. Barua inayodai milioni 12 bila kutaja bei ya mabaki inastahili swali hilo mara moja.

Kosa ni la dereva, kwa nini adaiwe mwenye gari?

Mzee hakuwa barabarani siku ile. Hata hivyo kijana alikuwa kwenye kazi yake, akipeleka mzigo wake, na sheria humbebesha mwajiri kosa ambalo mfanyakazi amelitenda akiwa kazini. Mambo yangekuwa tofauti kama kijana angeichukua pikapu usiku bila ruhusa kwenda kwenye shughuli zake.

Suala la faini nalo lisipuuzwe. Dereva akitiwa hatiani na mahakama kwa kuendesha bila uangalifu, na muda wa rufaa ukapita, hukumu hiyo ni ushahidi wa mwisho kwamba alitenda kosa lile. Madereva wengi hukiri ili wamalize haraka na kurudi kazini, bila kujua kwamba hati hiyo itaambatanishwa kwenye barua ya madai mwaka unaofuata.

Lipo kundi jingine linalopata barua hizi bila kutazamia: watu waliouza magari yao lakini kadi zikabaki kwa majina yao. Kampuni hutafuta mmiliki kwa namba ya usajili, na jina linalotokea ni la muuzaji. Kadi ni ushahidi wa awali wa umiliki, nao unaweza kupingwa. Lakini anayepinga lazima awe na cha kuonyesha: mkataba wa mauziano wenye tarehe, saini na mashahidi, na uthibitisho wa malipo. Aliyeuza kwa maneno matupu ana kazi ngumu mbele yake.

"Mbona tulishamalizana?"

Hili ndilo jibu linalosikika zaidi. Barabarani pale Mwenge, huenda mzee alimpa mama shilingi 600,000 na wakaagana kwa amani. Je, barua bado ina nguvu?

Inategemea walikubaliana nini na lini. Kama kabla ya bima kulipa mama alitia saini kwamba amepokea kiasi hicho kumaliza madai yake yote, haki yake ya kumdai mzee imekwisha, na kampuni inayosimama mahali pake haina cha kudai. Kampuni itamgeukia mama mwenyewe, kwa kuwa ameiharibia haki yake. Mikataba ya bima humkataza mteja kufanya hivyo, na wenye bima kubwa wanaokubali fedha barabarani kisha wakaenda kudai bima hujitia kwenye matatizo makubwa.

Kama fedha zile zilikuwa za kuvuta gari tu, au hakuna maandishi, mzee atapata shida kuthibitisha kwamba dai lote lilikwisha. Bado 600,000 hizo zinapaswa kupunguzwa kwenye hesabu, mradi awe na ujumbe wa muamala au shahidi. Na kama mzee alimlipa mama baada ya kujua kwamba bima imeshalipa, malipo hayo hayamkingi. Anaweza kujikuta amelipa mara mbili na kulazimika kumfuata mama amrudishie.

Jibu linaandikwaje

Hatua ya kwanza, kabla ya kumjibu mtu yeyote, ni kuipeleka barua kwenye kampuni yako mwenyewe ya bima, siku hiyo au kesho yake, na kuhakikisha wamegonga muhuri wa kupokea kwenye nakala yako. Watu husahau kwamba hata bima ndogo imekatwa kwa ajili ya madai ya watu wengine. Sheria inailazimisha bima hiyo kwa ajili ya vifo na majeraha, na kwa kawaida mikataba huongeza uharibifu wa mali hadi kikomo kilichoandikwa. Angalia kikomo chako. Kama dai liko chini yake, kampuni yako ndiyo itakayojadiliana na kulipa.

Mkataba huohuo una sharti kwamba usikiri kosa wala kuahidi malipo bila idhini ya kampuni yako. Ule ujumbe wa simu wa "naomba mnivumilie, nitalipa" unaweza kuipa kampuni yako sababu ya kujitoa. Kuchelewesha barua nako kuna athari hiyohiyo. Kama ulitoa taarifa mapema na bado kampuni yako inakataa bila sababu ya msingi, peleka malalamiko kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Asiyekuwa na bima inayohusika, au ambaye dai limezidi kikomo chake, ajibu kwa maandishi, kwa ufupi, kama hivi:

"Nimepokea barua yenu yenye namba ya dai iliyotajwa hapo juu. Naomba nakala ya ripoti ya polisi na mchoro, ripoti ya mkaguzi na picha, ankara ya gereji, uthibitisho wa malipo mliyomlipa mteja wenu, na hesabu ya mabaki kama yapo. Nitajibu dai lenu nikishazipitia. Barua hii si kukiri kosa wala deni, na imeandikwa bila kuathiri haki zangu."

Nyaraka zikija na hesabu ikawa sahihi, kupatana ni jambo la busara. Kampuni nyingi hukubali malipo ya awamu au punguzo, kwa sababu kesi huzigharimu muda na ada za wakili. Makubaliano hayo yaandikwe, yataje kwamba yanamaliza madai yote ya mali yaliyotokana na ajali ile, pamoja na sehemu aliyoibeba mteja, na yasainiwe kabla ya awamu ya kwanza kulipwa.

Saa inahesabu tangu siku ya ajali

Kwa Tanzania Bara, shauri la madhara ya uzembe hufunguliwa ndani ya miaka 3. Kwa kuwa kampuni imechukua nafasi ya mteja wake, saa yake ilianza siku ile mteja alipogongwa, si siku ilipomlipa. Ajali ya tarehe 14 Machi 2023 inabeba ukomo wa Machi 2026, hata kama malipo ya bima yalichelewa hadi 2024. Barua ya madai haisimamishi saa hiyo, hata zikiandikwa kumi. Kinachoisimamisha ni kufungua kesi. Kwa hiyo anayepokea barua kuhusu ajali ya miaka mitano iliyopita atazame tarehe kabla ya kutazama kiasi.

Lakini asitokee mtu akaamua kukaa kimya akisubiri miaka ipite. Kampuni za bima huweka kumbukumbu za tarehe hizi, na mawakili wao hufungua kesi miezi michache kabla ya ukomo. Aliyepuuza barua mara nyingi hupuuza na wito wa mahakama, kesi ikasikilizwa upande mmoja, na hukumu ikatoka kwa kiasi chote kilichodaiwa, pamoja na riba na gharama. Hapo ile taa ya mbele ambayo hakuivunja atailipia, kwa sababu hakuwepo wa kuuliza. Kuiondoa hukumu ya namna hiyo ni kazi ya wakili, na mahakama itataka kwanza sababu ya kutofika.

Ukipata barua hii, ifungue, andika tarehe uliyoipokea, na upeleke nakala kwa kampuni yako ya bima kabla ya kumwambia mtu yeyote kwamba utalipa. Na kama wewe ndiye uliyegongwa na una bima kubwa, usitie saini ya kumalizana na mtu barabarani kabla ya kampuni yako kujua.